Barafu ile na kipotoshi C

Swali lenyewe ni fupi:

*Wajumbe waliketi kimya, kila mmoja akiitazama meza. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana. Mwenyekiti alisimulia kichekesho kimoja ili kuvunja barafu, na muda si mrefu watu wakaanza kuulizana habari.*

*"Kuvunja barafu", kama ilivyotumika katika kifungu hiki, ni:*

*A. kupasua barafu vipande vidogo*
*B. kuondoa ukimya na wasiwasi kati ya watu wasiofahamiana*
*C. kuwachekesha watu*
*D. kuwapatanisha watu waliogombana*

Jibu ni B, na hapo hakuna ubishi. Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni C.

A haihitaji maelezo marefu. Mkutanoni hakuna barafu, hakuna nyundo, na kichekesho hakipasui kitu. Mtu anayechagua A hakusoma kifungu, amesoma maneno mawili tu. Anayechagua C ni mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye amekisoma kifungu. Ameliona neno "kichekesho", akaelewa kwamba nahau haifasiriwi neno kwa neno, akaiacha barafu pembeni na kuitafuta maana kwenye maneno yanayoizunguka. Amefanya kile hasa ambacho kila mwalimu humwambia afanye.

Na amekosa.

Kwa hiyo ule ushauri wa "tafuta maana kwenye muktadha" una tundu mahali fulani. Nimejaribu kulitafuta.

## Vipotoshi vitatu, baba watatu

Vipotoshi, yaani yale machaguo matatu yasiyo sahihi, huwa tunavitazama kama kundi moja la makosa. Sivyo. Kila kimoja kina mahali kilikotoka, na ukijua kilikotoka unajua pia namna ya kukikataa.

A imetoka ndani ya maneno ya nahau yenyewe: kuvunja ni kupasua, barafu ni barafu. Hiki ni kipotoshi cha neno kwa neno.

D imetoka kwenye taswira. Msomaji amekwishajua kwamba barafu hii si ya kweli, basi anajitungia fumbo lake: barafu ni baridi, watu wakigombana uhusiano wao hupoa, kwa hiyo anayevunja barafu anapatanisha. Hoja haina kasoro, ila imejengwa hewani. Taswira ya nahau hii haihusu ubaridi peke yake. Ni ya maji yaliyoganda yakaziba njia, na chombo hakiwezi kusonga mpaka mtu apasue njia kwanza. Kiini chake ni kuanza kwa kitu kilichokwama. Msomaji ambaye hajawahi kuona maji yaliyoganda namna hiyo hana namna ya kulijua hilo kutokana na maneno pekee, na hapaswi kulaumiwa. Kinachompinga ni kifungu: hakuna popote paliposemwa kwamba wajumbe walikuwa na ugomvi. Kimesema hawajawahi kuonana.

C imetoka kwa jirani. Maana yake haimo ndani ya nahau wala kwenye taswira yake. Imeokotwa kwenye neno "kichekesho", lililokaa hatua mbili tu kabla ya nahau. Nakiita kipotoshi cha jirani, na kwa maoni yangu ndicho chenye sumu kali kuliko vyote, kwa sababu hakimnasi mvivu. Humnasa msomaji aliyejitahidi nusu njia.

Ushauri wa kutafuta muktadha unaua A. D unaiua ukisoma kwa makini. C unailisha.

## Chumvi ya kweli

Kabla sijaendelea na jirani, niseme kidogo kuhusu neno kwa neno, maana kuna kanuni inayozunguka madarasani ambayo siiamini: "ukiona nahau, chaguo lenye maana ya kawaida lifute mara moja."

Soma sentensi hizi mbili.

*Yule mzee amekula chumvi nyingi. Muulize habari za zamani, atakusimulia mpaka usinzie.*

*Daktari alimwonya yule mzee kwamba amekula chumvi nyingi mno, ndiyo sababu shinikizo la damu limepanda.*

Maneno ni yaleyale, tena kwa mpangilio uleule. Katika sentensi ya kwanza, kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Katika ya pili ni chumvi hiihii ya jikoni, na mtu aliyekariri kwamba "kula chumvi nyingi ni kuwa mzee" atachagua jibu la nahau mahali ambapo hakuna nahau. Atakuwa amemwonya mzee wa watu kwa kosa la kuzeeka.

Watunzi wa maswali hawapendi sana sentensi za namna ya pili, lakini wapo wanaozitunga, na wanazitunga kwa ajili ya hao hao waliokariri. Maana ya kawaida hufutwa kwa ushahidi wa sentensi. Uzoefu wa kwamba "kwa kawaida si yenyewe" hautoshi.

Tena chumvi ina mtego mwingine. Ukibadilisha kitenzi tu, umehamia nchi nyingine: *kutia chumvi* ni kuongeza mambo yasiyokuwamo kwenye habari. Mtahiniwa anayekumbuka nahau kwa nomino yake ("ile ya chumvi") anaweza kuchanganya umri na uongo. Nahau hukaririwa nzima, kitenzi na nomino pamoja, la sivyo bora isikaririwe kabisa.

## Kiambishi kinachotoboa siri

Kuna alama nyingine ndogo ambayo sarufi inatupa bure, na sioni ikitajwa mara nyingi.

*Binti yake amevunja ungo.*

*Binti yake ameuvunja ule ungo.*

Ya kwanza, kwa msemaji yeyote wa Kiswahili, ni kwamba binti amebalehe. Ya pili ni ungo wa kupepetea, umepasuka, na pengine kuna mtu amekasirika. Kilichobadilika ni kiambishi *u* kilichoingia kabla ya mzizi wa kitenzi na kile kionyeshi "ule". Viwili hivyo vinaonyesha kidole kitu mahususi, na nomino iliyomo ndani ya nahau kwa kawaida haikubali kuonyeshwa kidole. Imekwishayeyukia kwenye kitenzi, haisimami tena peke yake kama kitu.

Hali ni hiyohiyo kwa nomino iliyotolewa nje ya kitenzi kwa kirejeshi. "Alirudi amevaa miwani" inaweza kuwa nahau. "Miwani aliyoivaa ilikuwa ya bei kubwa" haiwezi. Ni kioo na fremu.

Kanuni hii si chuma. Zipo nahau zinazobeba kiambishi cha mtendwa bila shida, kwa mfano *kulivalia njuga* jambo, yaani kulishughulikia kwa nguvu zote. Ila tazama vizuri: *li* hapo ni la jambo, si la njuga. Njuga yenyewe imebaki palepale bila kuguswa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kiambishi kinarejelea nini? Kikirejelea nomino iliyomo ndani ya nahau, uwezekano ni mkubwa kwamba unasoma maana ya kawaida.

## Kufunika machaguo

Sasa turudi kwa jirani. Njia pekee ninayoiona inafanya kazi dhidi yake inaanza kabla ya kuyasoma machaguo. Nitaionyesha kwa mfano mmoja, hatua kwa hatua.

*Saa sita za usiku Musa alirudi akiwa amevaa miwani. Alipita mlango wake, akagonga wa jirani, akaanza kubishana na mwenye nyumba kwamba amebadilishiwa kitasa. Asubuhi hakukumbuka hata neno moja.*

*A. akiwa na usingizi mzito*
*B. akiwa amelewa*
*C. akiwa amepotea njia*
*D. akiwa amevaa vioo vya kumsaidia kuona*

Hatua ya kwanza ni kufunika machaguo, kwa kiganja au kwa karatasi. Hii si mbwembwe. Ukishayaona manne hayo, kila moja linaanza kukuvuta sentensi upande wake, na C inayosema "kupotea njia" itaushika ule mlango wa jirani na kukataa kuuachia.

Hatua ya pili ni kuifuta nahau kichwani na kuweka nafasi tupu: *Musa alirudi akiwa ____*. Kisha soma kilichobaki ukiorodhesha vidokezo. Hapa viko vinne: usiku wa manane, kukosea mlango, ubishi usio na kichwa wala miguu, na kutokumbuka kitu asubuhi.

Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka. Jaza nafasi ile kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni maneno ya ovyo: "akiwa hajijui", "akiwa kalewa chakari", "akiwa hana akili zake". Halijawa jibu bado, ni utabiri tu. Lakini sasa una kitu mkononi cha kupimia machaguo, badala ya machaguo kukupima wewe.

Hatua ya nne ni kufunua na kukagua kila chaguo dhidi ya vidokezo vyote vinne. Kimoja hakitoshi. C inaeleza mlango wa jirani na inashindwa na ubishi wa kitasa. A inaweza kuvumilia saa na mlango, na ukilazimisha utasema hata kutokumbuka. Lakini mtu mwenye usingizi mzito hatafuti ugomvi na mwenye nyumba, anatafuta kitanda. D haielezi chochote, tena ingefaa mwenye vioo vya kumsaidia kuona auone mlango wake. B inabeba vidokezo vyote bila kuvutwa.

Kipotoshi cha jirani kina alama yake: kinaeleza kidokezo kimoja vizuri sana, pengine kuliko hata jibu sahihi, kisha kinanyamaza kwa vingine vyote. C katika swali la barafu iko hivyohivyo. Inakieleza kichekesho barabara. Iulize kwa nini kifungu kimetaja kwamba wajumbe hawakuwa wamewahi kuonana. Haina la kusema.

## Dafu liliponitia shaka

Hapa nilidhani makala imekwisha. Kisha nikakumbuka dafu.

*Timu yetu ilishambulia kwa dakika zote tisini, lakini haikufua dafu mbele ya ngome ya wapinzani.*

*Nahau "fua dafu" ina maana gani?*

*A. shindwa*
*B. faulu*
*C. cheza kwa nguvu*
*D. ondoa makumbi ya nazi changa*

Tumia njia niliyoeleza, hatua zote nne. Funika, futa, tafuta vidokezo: ilishambulia, lakini, mbele ya ngome ya wapinzani. Neno "lakini" linasema juhudi hazikuzaa. Utabiri wako: timu ilishindwa. Fungua machaguo, na hiyo hapo A, "shindwa", inakungoja kama mgeni aliyeahidiwa.

Jibu sahihi ni B.

Sentensi ina habari za kushindwa, lakini kushindwa hakukuletwa na nahau. Kumeletwa na *ha-* ya ukanushi iliyoko mwanzoni mwa kitenzi. Nahau yenyewe ni "fua dafu", na fua dafu ni kufaulu. Haikufua dafu, haikufaulu. Ukichagua A na kuirudisha mahali pake, utapata "haikushindwa mbele ya ngome ya wapinzani", na timu imegeuka mshindi ghafla.

Mtego huu ni mbaya zaidi kwa nahau hii kwa sababu fua dafu karibu siku zote hutumika ikiwa imekanushwa. Watu husema hakufua dafu, hawafui dafu, hatafua dafu. Ni nadra kumsikia mtu akitangaza kwamba leo amefua dafu. Msomaji amekutana nayo ikiwa kwenye habari za kushindwa mara zote, basi amejifunza, kwa haki kabisa, kwamba dafu na kushindwa ni jamaa. Muktadha wa maisha yake yote umempotosha. Wa sentensi moja utamwokoaje?

Unaweza kumwokoa, lakini kwa hatua moja zaidi. Utabiri niliousifia hapo juu unakupa maana ya *sentensi*. Swali linaweza kuwa linataka maana ya *nahau*. Ni vitu viwili. Kwa hiyo kila chaguo unaloelekea kulichukua lirudishe ndani ya sentensi likiwa limevaa viambishi vilevile vya nahau: ukanushi uleule, njeo ileile, nafsi ileile. Nahau ikiwa "haikufua", chaguo nalo liwe "haiku-". Soma sentensi nzima kwa sauti ya chini. Ikigeuka maana, chaguo hilo halifai hata kama lilionekana tamu.

Angalia pia jinsi swali lilivyoandikwa. Likisema "haikufua dafu, kama ilivyotumika katika sentensi hii", basi kinachoulizwa kimebeba ukanushi, na "haikufaulu" au "ilishindwa" ni jibu halali. Likisema "nahau fua dafu", ukanushi umebaki nje. Tofauti ya maneno machache kwenye shina la swali inahamisha jibu kutoka B kwenda A.

Ndiyo, ni kazi ya kuchosha. Inachukua sekunde chache kwa kila chaguo, na kwa machaguo mawili yaliyobaki tu. Kwa yale uliyokwishayafuta haina haja.

## Sentensi isiyo na ushahidi

Kuna lawama moja ambayo si ya mtahiniwa.

*Musa alirudi nyumbani akiwa amevaa miwani.*

Basi, imeishia hapo. Mpe mtu sentensi hii pamoja na machaguo yaleyale manne, kisha umwambie atafute maana kutokana na muktadha. Muktadha uko wapi? Amelewa inakubalika. Amevaa vioo vya macho inakubalika, na kwa kweli ndiyo tafsiri ya kwanza kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Swali hili linapima kama umewahi kuisikia nahau. Hilo si kosa, msamiati nao ni kitu cha kupimwa. Kosa ni kuliweka chini ya kichwa kinachosema "chagua maana kulingana na muktadha".

Anayetunga maswali anaweza kulipima lake kwa njia rahisi. Aweke mistari mitupu mahali pa nahau, ampe mtu anayejua Kiswahili lakini hajaliona swali, na amwombe achague. Akichagua jibu sahihi, sentensi inabeba ushahidi wa kutosha. Akibaki na mawili mkononi, sentensi ina upungufu, na dawa ni kuongeza kidokezo kimoja ambacho kimojawapo kati ya hayo mawili hakiwezi kukieleza. Kwa Musa, kukosea mlango pekee hakutoshi. Anayesinzia naye hukosea. Ubishi wa kitasa ndio ulioimaliza A.

Kisha ageuze jaribio: afiche sentensi, aonyeshe machaguo peke yake. Kama mtu anaweza kulitambua jibu bila kusoma chochote, swali linavuja. Mara nyingi linavuja kwa urefu, jibu sahihi likiwa na maneno saba na vipotoshi vitatu vikiwa na mawili mawili. Litazame tena lile swali la barafu pale juu. B ndiyo ndefu kuliko zote. Au linavuja kwa visawe: ukiona "kufa" na "kuaga dunia" kwenye machaguo yaleyale, yote mawili hayawezi kuwa jibu, basi yanafutika pamoja, na mtahiniwa aliyekuwa na nafasi moja kati ya nne sasa ana moja kati ya mbili bila kuijua nahau hata chembe.

## Kuirudia barafu

Basi C ilistahili kuwepo au haikustahili?

Nimegeuka mara mbili juu ya hili. Mwanzoni nilitaka ifutwe, kwa sababu inamwadhibu mtu aliyesoma. Mwenyekiti alisimulia kichekesho, watu bila shaka walicheka, na kucheka huko ndiko kulikouondoa ukimya. C iko karibu mno na ukweli wa tukio.

Lakini ukaribu huo si wa maana. Kichekesho ni njia aliyoitumia mwenyekiti, na kuvunja barafu ni alichokuwa anakitafuta. Shina la swali limeweka hata neno "ili" katikati yao kuvitenganisha. Ukirudisha C mahali pake unapata "alisimulia kichekesho ili kuwachekesha watu", sentensi ambayo haina kosa la sarufi wala haidanganyi, ila haisemi chochote kipya. Hapo ndipo jaribio la kurudisha chaguo ndani ya sentensi linapopwaya: C inapita. Panahitajika swali lingine. Je, mwenyekiti angeweza kuvunja barafu bila kichekesho? Bila shaka angeweza. Angeweza kumwomba kila mtu ataje jina lake, au kuwagawa wawili wawili na kuwapa kazi ndogo. Njia ikibadilika na nahau ikabaki palepale, basi maana ya nahau haimo ndani ya njia.

Kwa msomaji, hicho ni kipimo cha ziada kwa machaguo mawili yanapong'ang'aniana: badilisha tendo lililo jirani na nahau, uone ni chaguo lipi linakufa.

Kwa mtunzi ni marekebisho ya mstari mmoja. Swali nimeliandika upya hivi, na B nimeipunguza urefu:

*Wajumbe waliketi kimya, kila mmoja akiitazama meza. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana. Ili kuvunja barafu, mwenyekiti alimwomba kila mmoja amtambulishe aliyeketi kushoto kwake, na muda si mrefu watu wakaanza kuulizana habari.*

*A. kupasua barafu vipande vidogo*
*B. kuondoa ukimya wa ugeni*
*C. kuwachekesha watu*
*D. kuwapatanisha waliogombana*

C nimeiacha palepale. Safari hii hakuna aliyecheka.